Usiifiche Karatasi ya Masikio ya Mwanao



Leo nataka tuzungumze kuhusu ile karatasi ndogo anayorudi nayo mtoto siku wapimaji wa masikio walipofika skuli. Imeandikwa jina lake, sikio la kulia, sikio la kushoto, na chini yake maneno mawili tu: hakupita kipimo. Kwa mtoto wa kiume karatasi hiyo hukaa juu ya friji mpaka baba arudi. Kwa mtoto wa kike mara nyingi huishia chini ya godoro la mama, kwa sababu moja tunayoijua sote lakini hatuisemi kwa sauti: nani atakuja kuposa kwenye nyumba yenye msichana asiyesikia?

Mimi naona kuificha karatasi hiyo ndiko kunakomharibia binti, si masikio yenyewe. Na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue kilichopimwa. Mtoto huvishwa vipokea sauti vya kuziba masikio, kisha husikilizishwa mlio mdogo, sikio moja baada ya jingine. Milio ni ya aina tatu, ya hertz 1000, 2000 na 4000, nayo ni hafifu sana, mara nyingi desibeli 20 au 25, yaani chini ya mnong'ono. Kila akisikia anyooshe mkono au atie kifuniko cha chupa kwenye bakuli. Akikosa mlio mmoja tu katika sikio moja, amekwama.

Kwa hiyo karatasi haisemi mwanao ni kiziwi. Inasema kuna mlio mmoja au zaidi ambao leo hakuusikia. Huenda mvua ilikuwa inapiga bati. Huenda wenziwe walikuwa wanapiga kelele dirishani, au mafua yamemjaa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kurudia kipimo mahali patulivu, siku hiyo hiyo au baada ya wiki chache. Akikwama tena, hapo hatusemi tena kelele. Anahitaji kuangaliwa ndani ya sikio kisha kupimwa kikamilifu.

Nikupeni mfano wa mama mmoja wa hapa mjini, ambaye ameniruhusu niueleze bila ya kumtaja. Binti yake ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Mwalimu wa chuo alikuwa akimlalamikia kwamba kila akisomeshwa anachanganya sini na thaa, na faa yake haisikiki vizuri. Akawa anachapwa kwa uvivu. Siku ya kipimo cha skuli sikio la kulia lilikwama milio yote mitatu, la kushoto likakwama ule wa 1000. Wiki mbili baadaye wakarudia kwenye chumba cha ofisi, feni imezimwa, majibu yakawa yale yale.

Mama akampeleka kliniki ya masikio, pua na koo. Daktari akamulika ndani kwa tochi yake. Hakuna nta, hakuna usaha, lakini ngoma ya sikio haikuwa inang'aa kama inavyotakiwa. Kisha akatumia mashine inayosukuma hewa kidogo sikioni na kuangalia kama ngoma inacheza. Haikucheza. Nyuma yake palijaa majimaji mazito kama ute, jambo la kawaida sana kwa watoto wadogo baada ya mafua ya mara kwa mara, maana mrija unaounganisha koo na sikio bado ni mfupi na huziba upesi. Walipompima kwenye chumba tulivu, sikio la kulia lilianza kusikia kwenye desibeli 35 na la kushoto kwenye 30.

Hebu fikirieni maana ya namba hizo chuoni. Mtoto huyu akiitwa kwa sauti anageuka, akiambiwa chakula tayari anakuja mbio, kwa hiyo nyumbani wanasema anasikia. Lakini herufi kama sini, thaa na faa ni pumzi tu inayopita mdomoni, sauti zake ni hafifu kuliko irabu. Hizo ndizo zinazopotea mwanzo. Ukichanganya na watoto arobaini wanaosoma kila mmoja sura yake kwa pamoja, mtoto anabaki na aaa na uuu, herufi nyengine anakisia. Kiboko hakiwezi kumfundisha herufi isiyomfikia.

Daktari hakuandika dawa. Mama alirudi amenuna, kwamba kapanga foleni tangu asubuhi kaambulia maneno. Lakini maneno yale ndiyo matibabu yenyewe. Majimaji ya aina hii mara nyingi huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu, na antibayotiki au vidonge vya mafua haviyaharakishi. Kinachotakiwa ni tarehe ya kurudi, na watu wengi hapo ndipo wanapoteleza: wakisikia subiri wanaelewa kwamba yamekwisha. Subiri ya daktari ina siku yake kwenye kadi.

Katika miezi hiyo mitatu binti alihamishwa mbele, karibu na mwalimu. Nyumbani televisheni ikawa inazimwa anaposemeshwa, na aliyetaka kumwambia kitu alimwendea, akamtazama usoni. Aliporudi kupimwa, sikio la kushoto lilifika desibeli 15 na la kulia 25. Akapewa tarehe nyengine, na mara ya tatu yote mawili yalipita. Lau yangebaki vile vile masikio yote mawili, daktari angezungumza na wazazi ama kuhusu kutia kibomba kidogo sana kwenye ngoma ya sikio ili hewa iingie, ama kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia kwa muda. Yote mawili yana faida na taabu zake, na mzazi ana haki ya kuuliza mpaka aelewe.

Huo ni mfano wa heri. Upo mwengine ambao hauna ruhusa ya kusubiri, nao ni sikio linalotoa usaha. Hapa visiwani tumelizoea mno. Utasikia, "huyu sikio lake ndivyo lilivyo tangu mdogo, likipata joto linatoka." Hapana, bibi. Usaha uliotoka wiki mbili au zaidi kwa kawaida maana yake ngoma ya sikio imetoboka na ndani kuna maambukizi yanayokula usikivu kidogo kidogo. Likiachwa, maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na hata ubongo. Ukiona uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, homa kali, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja, nenda siku hiyo hiyo.

Matibabu yake hayana ghali kubwa ila yana kazi. Unasokota kitambaa safi cha pamba au karatasi laini isiyochanika kiwe kama utambi, unautia taratibu mlangoni mwa sikio, ukilowa unautoa na kutia mwengine mpaka sikio likauke. Mara tatu kwa siku. Ndipo unatia matone aliyoandika daktari. Ukitia matone juu ya usaha, dawa inaelea haifiki. Usimwachie pamba sikioni kutwa, maana inafungia unyevu. Baharini asiingie mpaka daktari aruhusu, hata siku ya Idi, na wakati wa kukoga sikio lilindwe. Kuhusu udhu msiwe na wasiwasi: masikio yanapakwa kwa vidole vyenye unyevu, hayamiminiwi maji.

Na tafadhali, mafuta ya nazi ya moto, maji ya kitunguu na maziwa ya mama vibaki jikoni na kifuani. Sikio lililotoboka halina mlango wa kuzuia. Hata vijiti vya pamba tunavyovipanga kwenye meza ya vipodozi vinasukuma nta ndani zaidi. Ikiwa tatizo ni nta tu, kituo cha afya wanaitoa, na mtoto anaweza kupita kipimo baada ya hapo.

Sasa nirudi kwenye posa, maana ndipo moyo wa jambo ulipo. Somo mmoja alinisimulia kuhusu mwari aliyemfunda. Kila alipokaa naye aligeuza kichwa, anasikiliza kwa kushoto. Kumbe alipata matumbwitumbwi utotoni, na sikio la kulia halikusikia tena. Mama yake alijua na alimkanya asiseme. Akaolewa. Usiku akilala juu ya sikio zima, mume anamwita, yeye kimya. Mume akadhani anadharauliwa. Mavyaa anamsemesha kwa upande wa kulia, haitikiwi, neno likatoka kwamba bibi harusi ana kiburi. Miezi ikapita kwa ugomvi kabla mwari hajapata ujasiri wa kusema sentensi moja: sikio langu hili halisikii. Mume alicheka, akahama upande wa kitanda.

Tumezoea kusema kuficha ni sitara. Sitara ni kutomtangaza mtoto barazani. Kumnyima matibabu, na kumwacha aitwe mjinga na mwenye kiburi ili jirani asijue, hilo ni jambo jengine. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tutafute dawa. Na sikio lile lile la kulia tuliloliadhinia siku aliyozaliwa ni amana kwetu kama macho yake.

Ukiwa na shaka na hukupewa karatasi yoyote, angalia anapopokea simu: anaihamishia sikio moja kila mara? Ukimwita kutoka chumba kingine anatafuta sauti imetokea wapi? Simama nyuma yake, upande mmoja kisha wa pili, umsemeshe polepole. Hicho si kipimo cha hospitali na hakitoshi kukutuliza, lakini kinatosha kukutoa nyumbani. Na kama usikivu umepotea ghafla, jana alisikia leo hasikii, usingojee wiki, mpeleke leo au kesho asubuhi, kwani kuna aina ambayo dawa yake inafaa mwanzoni tu.

Hata aliyepita mwaka huu anaweza kukwama mwakani, majimaji huja na kuondoka. Kwa hiyo siku ya kliniki chukua ile karatasi yenyewe usiseme kwa mdomo tu, kwa sababu daktari anataka kujua ni sikio lipi na mlio upi. Ukirudi mpigie picha majibu. Kisha pita kwa mwalimu wa skuli na kwa ustadhi wa chuo, umwambie kila mmoja mwanao akae wapi: mbele, sikio linalosikia vizuri likimwelekea mwalimu, mbali na dirisha la barabarani.