Primi ya mbali: tuhesabu mbele ya kupakia mizigo

Barua ya mutasyo ikifika, macho ya mutu yanakimbilia mustari mumoja: wameongeza ngapi? Kama wameandika primi ya mbali asilimia 30, jirani anakuja kupongeza, mama anaanza kupiga hesabu ya bati za nyumba. Sisi wa sendika tumesoma barua za namna hiyo nyingi, na kila mara tunauliza kitu kingine: wameondoa ngapi? Juu ya swali hilo njo tunaandika leo, maana kazi inazidi kwenda mbali na miji. Likasi na Kolwezi zina mafundi, lakini madini mengine yako kule ambako hakuna mafundi. Manono ni mufano: mji uliojengwa na bati tangu wakati wa Wabeleji, na sasa dunia yote inauangalia juu ya lithiamu. Mutu anayetoka Likasi kupitia njia ya Mitwaba wakati wa mvua hahitaji kuelezwa neno "mbali" maana yake nini.

Tuchukue fundi wa umeme wa Likasi. Makuta tunayoweka hapa ni ya mufano tu, kila mutu aweke yake ya kweli. Mushahara wake wa musingi ni dola 420 kwa mwezi. Kampuni inamupa tena 120 za nyumba na 50 za transpori. Jumla 590. Wanamupa mutasyo ya kwenda kituo cha mbali, upande wa Manono, na primi ya asilimia 30.

Kwanza, asilimia 30 ya nini? Mutu anawaza 590, lakini barua inasema ya musingi. Asilimia 30 ya 420 ni 126. Na tusidanganyane: Sheria ya Kazi haikuweka asilimia ya primi hii. Inatoka katika konvansyo ya kampuni, au katika barua yenyewe. Kama haikuandikwa mahali popote, shefu ya personeli anaweza kusema leo 30 na kesho 15, na wewe hutakuwa na karatasi ya kumuonyesha.

Hata hivyo 126 ni makuta. Fundi wetu anaona 590 na 126, anaweka pamoja, anapata 716. Anasaini. Mwisho wa mwezi wa kwanza kule kambini, karatasi ya mushahara inaonyesha 546. Hakuna mutu aliyeiba. Makuta ya transpori yametoka kwa sababu analala kambini, kazi iko hatua 200. Makuta ya nyumba yametoka kwa sababu kampuni imemupa kitanda. Imebaki 420 ya musingi na 126 ya primi. Kwa hiyo mutu aliyeongezewa 126 amerudi nyuma dola 44. Na CNSS bado: mufanyakazi anakatwa asilimia 5. Kule Likasi ilikuwa 5 ya 420, maana yake 21. Sasa kama primi nayo imeingizwa katika hesabu, ni 5 ya 546, maana yake 27 na senti 30. Likasi alikuwa anabakia na 569, kambini anabakia na 518 na senti 70. Kodi ya mushahara tunaiacha kando, maana inafuata idadi ya watoto na vitu vingine, lakini haitamurudishia kitu.

Kampuni nayo ina neno lake, na tulisikie. Inasema: fundi anakula kambini mara tatu kwa siku, maji ni yetu, umeme ni wetu, hiyo yote ni makuta. Ni kweli. Chakula cha kambini kina bei, na sheria yenyewe inahesabu vitu vya namna hiyo kuwa sehemu ya malipo. Lakini anayekula kambini ni mutu mumoja. Mama na watoto wanne wamebaki Likasi, bunga wananunua kama zamani, na mwenye nyumba anakuja kudai tarehe ileile. Mbele ilikuwa chungu kimoja, sasa ni vyungu viwili, na kile cha Likasi hakikupungua sana kwa sababu baba ameondoka.

Hapo njo tunafika kwenye kosa kubwa la barua hizi, na ni kosa ambalo mufanyakazi anaweza kulishika kwa mukono. Soma Sheria ya Kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, artikle 138. Inasema kama kuna mutasyo, kampuni inapaswa kutoa nyumba inayofaa kwa mufanyakazi na jamaa yake, ao kama haina, itoe makuta ya kutosha ya nyumba. Neno liko wazi: na jamaa yake. Kitanda katika chumba cha watu wanne si nyumba ya jamaa. Kama kituo hakina nyumba za jamaa, kampuni haiwezi kutoa kitanda na kukata zile 120 kwa wakati mumoja. Na haiwezi kusema kwamba primi ya mbali njo imechukua nafasi ya nyumba. Nyumba ni deni lake, primi ni kitu kingine: ni bei ya joto, ya barabara, ya kukaa mbali na hospitali, ya kutoona watoto.

Tuweke zile 120 mahali pake tuone. 420, na 126, na 120: jumla 666. Toa 27 na senti 30 za CNSS, inabakia 638 na senti 70. Sasa fundi amepita ile 569 ya Likasi kwa karibu dola 70. Hiyo njo faida ya kweli ya primi ya dola 126, na hata hiyo inategemea mustari wa nyumba. Kama anaona dola 70 zinatosha kwa kukaa mbali na jamaa, ni juu yake na mama. Sisi hatumupangii. Lakini aamue akiwa ameona 70, asiamue akiwa anaota 126.

Kuna jambo la pili, lenyewe halionekani mwisho wa mwezi. Linaonekana siku ya ugonjwa, ya konji na ya kutoka kazini. Ni jina la ile makuta. Artikle 7 ya sheria inaeleza vitu gani ni malipo ya kazi na vitu gani si malipo. Mushahara ni malipo. Primi ni malipo. Lakini makuta ya nyumba, ya transpori, ya safari, na kile ambacho mufanyakazi anapewa kwa ajili tu ya kumurahisishia kazi yake, si malipo. Kwa hiyo watu wa ofisi wakiandika "primi", ile 126 inaingia katika hesabu zote. Wakiandika "gharama za safari" ao "musaada wa kituo", watasema iko inje. Kiasi ni kilekile, tarehe ni ileile, lakini kitu si kimoja.

Tufuate fundi wetu. Ametumika miaka 6 kamili, kampuni inavunja kontra. Artikle 64 inampa preavi ya siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka kamili. Sita mara saba ni 42, na 14 ni 56. Kampuni haitaki afanye preavi, inataka kumulipa aende. Siku moja wanaihesabu kwa kugawa mwezi kwa 26. Kama primi iko ndani, 546 kwa 26 ni dola 21 kwa siku, na siku 56 ni 1176. Kama primi iko inje, 420 kwa 26 ni 16 na senti 15, na siku zile 56 zinatoa 904 na senti 62 hivi. Dola 271 zimepotea juu ya neno moja. Konji nayo inalipwa kwa kipimo cha malipo ya wakati mutu anaondoka, na mugonjwa analipwa theluthi mbili ya malipo. Kote huko neno lileile linapima.

Wengine wanatuambia: lakini primi ikiwa ndani, CNSS inanikata zaidi, afazali ikae inje. Kweli, inakukata dola 6 na senti 30 kwa mwezi. Lakini kampuni nayo inalipa sehemu yake juu ya ile 126, na sehemu yake ni asilimia 13. Ukitaka kujua kwa nini ofisi zinapenda majina kama "musaada wa kituo", tazama hapo. Na mutu akizeeka, CNSS inatazama kile kilichotangazwa kwa jina lake. Miaka mitano ya porini ikitangazwa kwa 420, pensheni haitajua kama ulikuwa porini.

Sisi tunashikilia hivi: makuta yanayoingia kila mwezi, kiasi kimoja, bila kuombwa risiti, na mufanyakazi anaweza kuyanunulia bunga ao viatu vya mutoto, hayo ni primi hata wakiyapa jina gani. Gharama za safari zina safari na zina risiti. Mutu aliye kituoni tangu mwezi wa tatu hasafiri kila siku. Kampuni inaweza kubisha, na basi kesi itaamua, lakini hoja yetu ina miguu.

Mbele ya kusaini, basi, mupelekee delege barua ile pamoja na karatasi tatu za mushahara za mwisho. Tunatafuta ndani yake asilimia imekamata nini, jina la primi, mustari wa nyumba, na tarehe ya mwisho. Tarehe ni muhimu, maana primi ya kituo inafuata kituo: ukirudi Likasi inatoka, na hapo hatuwezi kukutetea sana. Kwa hiyo usikope deni la miaka mitatu juu ya primi ya mwaka mumoja. Tena tazama kama imeandikwa kwa asilimia ao kwa kiasi cha franka. Asilimia inapanda pamoja na musingi. Kiasi cha franka kinakaa palepale na dola inakimbia.

Tiketi yako, ya mama na ya watoto unaowalea, pamoja na mizigo, ni ya kampuni kulipa. Waliobaki nyuma kwanza wakakufuata kisha, nao waandikwe katika barua.

Na wale ambao wameshasaini na wako kule tayari? Delege aandike kwa kampuni kwanza. Kama haijibu, mambo yanaenda kwa inspekta wa kazi kwa upatanisho, maana tribinali ya kazi haipokei kesi ya mutu mumoja kama haijapita huko. Lakini musikae mukingojea kurudi. Kudai mushahara kunakufa kisha mwaka mumoja, tangu siku ambayo ulipaswa kulipwa. Gharama za safari zina miaka miwili kisha kontra kuvunjika. Kwa hiyo mwenye karatasi ya mwezi wa kwanza kule kambini aichunge pahali pakavu, na atume kopi kwa mama huku Likasi, kwa sababu kambini mvua inaingia kila mahali.