Ramani ya kulinganisha maeneo itaje projeksheni yake

Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni inayozitaka serikali na mashirika ya kimataifa kuachana na ramani ya dunia ya Mercator na kutumia ramani kama Equal Earth, ambayo hutunza ukubwa wa kila nchi. Nasi tunaiunga mkono. Lakini kubandua ramani moja ukutani na kubandika nyingine hakutoshi. Kosa la kupotosha ukubwa limo pia katika ramani tunazochora na kuchapa wenyewe, na mara nyingi jicho halilioni.

Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Kanuni ya kuhamisha uso wa mviringo kwenda kwenye karatasi ndiyo projeksheni. Hakuna projeksheni inayoweza kutunza umbo na ukubwa kwa pamoja, kila mahali. Mchoraji hana budi kuchagua anachotaka kukitunza, na uchaguzi wake hubadilisha kabisa tunachokiona. Tuchukue nchi mbili: Norwei, ambayo sehemu yake ya bara ina takriban kilomita za mraba 324,000, na Tanzania yenye takriban 947,000. Kwa kweli Tanzania inakaribia kuwa mara tatu ya Norwei.

Anza na ramani rahisi kuliko zote, ile ambayo programu ya kompyuta huichora ikipewa latitudo na longitudo tu bila maelekezo mengine. Kila nyuzi moja, iwe ya kwenda kaskazini au ya kwenda mashariki, hupewa urefu uleule kwenye karatasi. Kwenye ikweta hilo halina shida, kwa kuwa nyuzi moja ya longitudo ina kilomita 111, karibu sawa na ya latitudo. Lakini mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyokwenda kwenye ncha za dunia. Kwenye latitudo 60 nyuzi hiyo moja imebaki na kilomita 56 hivi. Ramani haijali; inaichora kwa upana uleule. Norwei inatokea imevutwa pembeni na kubonyea, na Mnorwei yeyote huona mara moja kwamba nchi yake imeharibika. Dodoma iko latitudo 6, ambako tofauti haifiki hata asilimia moja. Ndiyo maana mchoraji wa Tanzania anaweza kuitumia kanuni hii miaka nenda miaka rudi asigundue lolote. Katika ramani hiyo, Norwei inaonekana kama robo tatu ya Tanzania au zaidi kidogo.

Mercator alikuwa na dawa ya umbo. Mwaka 1569 alichora ramani ya mabaharia, ambamo safari inayofuata mwelekeo mmoja wa dira huonekana kama mstari mnyoofu. Ili kulipata hilo, pale ambapo ramani imevutika kwenda pembeni aliivuta pia kwenda juu kwa kiasi kilekile. Umbo likapona. Ukubwa ukazidi kuharibika: kwenye latitudo 60 upana umeongezeka maradufu na urefu maradufu, kwa hiyo eneo limekuwa mara nne. Ncha ya kaskazini ya Norwei, karibu na latitudo 71, imekuzwa zaidi ya mara tisa. Sasa Norwei inaonekana imenyooka vizuri, kama watu wake wanavyoijua, na inakaribia kuwa maradufu ya Tanzania.

Projeksheni ya Gall-Peters inafanya kinyume chake. Humo Tanzania inaonekana ndefu, imevutwa kutoka juu hadi chini mara mbili ya inavyostahili ikilinganishwa na upana wake, na Norwei imebonyezwa hadi haitambuliki. Hata hivyo uwiano wa ukubwa wao ni sahihi kabisa. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nchi kuonekana imevutika si ushahidi kwamba eneo lake limekosewa, na nchi kuonekana na umbo zuri si ushahidi kwamba eneo lake ni sahihi.

Je, ni lini jambo hili lina uzito? Anayetafuta mtaa kwenye simu hana haja ya kuhangaika. Ramani nyingi za simu hutumia aina ya Mercator, na kwa kazi hiyo inafaa, kwa sababu kona za barabara hubaki na pembe zake. Mambo hubadilika pale ramani inapopakwa rangi ili kuonyesha misitu, ukame, umaskini au matokeo ya kura. Hapo msomaji hupima kwa jicho wingi wa rangi. Rangi iliyo kaskazini ikikuzwa mara tano, amedanganywa hata kama takwimu zilizo nyuma yake ni safi.

Uzito ni mkubwa zaidi pale kompyuta inapopima shamba. Projeksheni ya ramani za mtandaoni huonekana katika programu kwa jina `EPSG:3857`. Ukipima humo moja kwa moja shamba la hekta 100 lililoko Bukoba, utapata kama hekta 101. Shamba la ukubwa huohuo likiwa Songea, utapata kama 104. Kwenye picha ya nchi nzima tofauti hiyo haionekani. Kwenye hati ya fidia ya ardhi, hekta tatu ni riziki ya familia. Karibu na Oslo, shamba hilo lingesomeka takriban hekta 400. Wapimaji wetu hutumia UTM, wakichagua kanda inayolihusu eneo lao, na humo kosa katika shamba kama hilo halifiki nusu hekta. Katika QGIS, `area($geometry)` hupima mchoro ulivyo bapa, ilhali `$area` hufuata mviringo wa dunia iwapo mradi umewekewa elipsoidi. Anayetoa takwimu za ardhi lazima ajue ametumia ipi.

Msomaji naye anaweza kupima kwa rula ramani yoyote ya dunia ambayo mistari yake yote imenyooka. Apime kutoka ikweta hadi latitudo 10, kisha kutoka 60 hadi 70. Vipimo vikilingana, hiyo ni ramani ya nyuzi sawa. Cha pili kikizidi cha kwanza mara mbili na zaidi, ni Mercator. Kikiwa chini ya nusu, ni ya jamii ya Gall-Peters, inayotunza maeneo.

Tunataka mambo mawili. Kwanza, kila ramani inayochapishwa ili kulinganisha ukubwa, iwe ya gazeti, ya kitabu cha shule au ya wizara, ichorwe kwa projeksheni inayotunza maeneo. Pili, jina la projeksheni liandikwe chini yake, pale panapoandikwa skeli. Skeli peke yake haitoshi, kwani katika ramani ya dunia ya Mercator skeli moja ni ya kweli kwenye latitudo fulani tu. Mhariri aliyeletewa ramani isiyo na jina hilo amuulize mchoraji kabla ya kuichapa. Asipopata jibu, achape jedwali la kilomita za mraba badala yake.