Picha ya Mlango wa Jokofu Haimshtaki Mtu

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa Kigali kuandika barua rasmi: anwani mbili, tarehe, mtajo, kichwa cha barua, na "Wako mtiifu" mwishoni. Sikuwahi kuwafundisha jambo ambalo barua ya malalamiko haisimami bila hilo, yaani kukitambulisha kifaa kinacholalamikiwa. Kosa langu nimelitambua kwa jokofu la jirani yangu wa Nyamirambo.

Alilinunua tarehe 14 Juni 2024, kwa dhamana ya miezi 12. Tarehe 3 Machi 2025 likaacha kupoza. Taa ya ndani iliwaka, lakini kila baada ya dakika chache ilisikika "tak" nyuma yake, kisha kimya: kompresa ilikuwa ikijaribu kuwaka na kushindwa. Alimwandikia mtengenezaji ukurasa mzima wa uchungu kuhusu maziwa yaliyoharibika, akaambatisha picha ya jokofu likiwa wazi mlango. Jibu likaja kwamba, kwa kuitazama picha, hilo ni toleo lenye dhamana ya miezi 6, na muda umekwisha.

Haikuwa kweli. Mlango ule ule na rangi ile ile huvishwa matoleo kadhaa. Majirani waliilaani kampuni, nami sikatai kwamba ilikosea kuhukumu kwa kukisia. Lakini nani aliyeipa nafasi ya kukisia? Ni sisi tunaodhani kwamba hasira ni ushahidi.

Kila jokofu lina kibandiko cha vipimo, aghalabu ukutani kwa ndani karibu na droo ya mboga, au nyuma karibu na kompresa. Juu yake pana namba ya modeli, inayotaja aina, na namba ya mfululizo, inayotaja jokofu lako peke yake miongoni mwa maelfu yaliyofanana nalo. Hiyo ndiyo picha ya kupiga: kwa karibu, pasipo mmweko unaofuta maandishi, kila tarakimu ikisomeka. Kisha piga picha ya risiti ya EBM siku ile ile ya kununua, kwani karatasi yake hufifia, na ya kadi ya dhamana yenye muhuri wa duka. Hata hivyo usitegemee picha pekee. Namba zile ziandike ndani ya barua yenyewe.

Barua yetu ya pili ilikuwa fupi. Baada ya namba hizo mbili, kiini chake kilikuwa hiki:

"Jokofu hili lilinunuliwa tarehe 14 Juni 2024, dhamana yake ya miezi 12 ingali hai. Tangu tarehe 3 Machi 2025 halipozi: taa inawaka, kompresa inajaribu kuwaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Halijafunguliwa na fundi yeyote. Naomba litengenezwe bila malipo au libadilishwe, na nipate jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala: muuzaji."

Tazama kilichoachwa. Maziwa hayamo, kwa kuwa kadi ile iliondoa waziwazi fidia ya chakula. Tazama pia sentensi kuhusu fundi. Kadi nyingi hubatilisha dhamana pindi fundi asiyeidhinishwa anapokifungua kifaa, na ndipo wengi wanapojifungia mlango kabla hawajaandika neno. Kisingizio cha pili huwa ni umeme. Kibandiko kilisema volti 220 hadi 240, nasi tulitaja kwamba jokofu lilitumia kilinda umeme tangu siku ya kwanza.

Utaniambia kwamba simu ni rahisi kuliko barua. Ni rahisi, ndiyo, hata kuisahau ni rahisi. Dhamana ikiisha Juni nawe ulipiga simu Machi, utathibitisha kwa nini? Barua yenye tarehe hukushuhudia hata ukiwa haupo.

Na kampuni ikinyamaza, Rwanda inayo sheria ya ushindani na ulinzi wa mtumiaji, na mamlaka ya RICA ya kupokea malalamiko. Lakini huko nako utaulizwa yale yale: kifaa gani, kilinunuliwa lini, uliandika lini, ulijibiwa nini.

Fundi wa kampuni alifika wiki ya pili, akabadilisha kiwashio cha kompresa, kidude kinachoenea kiganjani, bila kutoza faranga hata moja. Kampuni ilikuwa ile ile na jokofu lile lile. Kilichobadilika ni barua.

Leo jioni, kabla hakijaharibika kitu, inama ukitafute kibandiko cha jokofu lako. Nami muhula ujao, somo la barua rasmi nitalianzia hapo.