Ahadi ya Utajiri Ianzie Kwenye Hati ya Mshahara

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kunitembelea. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alifungua mkoba akatoa daftari kubwa la jalada gumu, lile lile alilokuwa akiandikia mihadhara chuoni. Akaniambia, "Mjomba, nimemwandikia mtu barua. Naomba uisome kabla sijaifunga."

Mtu mwenyewe alikuwa ni yeye, wa Desemba 2035. Binti huyu ana shahada ya uhasibu, na Januari 2026 alianza kazi katika kampuni ya watu binafsi jijini Dar es Salaam. Alisikia kwamba kijana anayetaka kufika mbali hujiandikia barua, akajiwekea malengo ya miaka kumi na kuyatilia sahihi. Aliandika kwa mwandiko mzuri, kurasa mbili. Alimwahidi mwenzake wa 2035 shilingi 100,000,000 benki, nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni, gari, na nyumba ya bati jipya kwa mama yake Singida. Chini aliandika: "Nakuapia sitakuangusha."

Kiapo hicho ndicho kilichonigusa. Anayeapa lazima ajue anaapia nini, na kurasa zote mbili hazikuwa na neno hata moja juu ya mshahara wake. Nikamwomba hati ya mshahara wa mwezi uliopita. Ilikuwa kwenye simu. Tuliisoma mstari kwa mstari, na nawasihi vijana wote waliopata kazi hivi karibuni waisome ya kwao vivyo hivyo, maana wengi huangalia tarakimu ya mwisho tu.

Mshahara wake kabla ya makato ni 1,000,000. Asilimia 10, yaani 100,000, inakwenda NSSF. Zinabaki 900,000 za kukatwa kodi ya mapato, na kwa viwango vya sasa kodi yake ni 103,000. Kisha Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, shilingi 150,000, kulipia ada na bumu alilokula miaka yote ya chuo. Kinachofika mkononi ni 647,000.

Sasa tuiweke ile ahadi kwenye mizani. Shilingi 100,000,000 ukizigawa kwa miezi 120 ni zaidi ya 833,000 kila mwezi, nazo zinazidi mshahara wake wa mkononi. Tukisema fedha yake inazaa asilimia 10 kwa mwaka bila kukatika, makadirio ambayo mimi nayaona ya ukarimu, bado angepaswa kuweka karibu 488,000 kila mwezi. Angebaki na 159,000 za kula, kulala, kupanda daladala na kumtumia mama. Hakuna mtu anayeishi hivyo miaka kumi, na anayejaribu huvunjika mwezi wa tatu, akaona aibu, akaifungia ile barua kabatini. Madhara ya lengo lisilo na hesabu ni hayo: kijana aliyeshindwa kuweka 488,000 haweki hata 50,000, kwa sababu moyoni ameshajihesabu ameshindwa.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mjomba, nisiwe na ndoto?" Nikamjibu kwamba ndoto abaki nayo, ila kiapo akiweke kwenye jambo lililo mikononi mwake. Jumla atakayokuwa nayo 2035 itategemea riba, bei za sokoni, afya yake na mwajiri wake. Kiasi anachotenga siku mshahara unapoingia kinamtegemea yeye peke yake. Barua ya miaka kumi iahidi kiasi hicho, na iahidi pia kitakachofanyika siku mambo yatakapobadilika.

Tukageuza ukurasa mpya. Amepanga chumba na sebule Tabata kwa 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anadai miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000. Hapa ndipo akiba za vijana wengi wa mjini zinapofia. Mtu anaweka kwa bidii miezi mitano, kodi inaiva, anafagia akiba yote, anaanza upya. Kodi ya nyumba si dharura, kwani tarehe yake inajulikana tangu siku ya kwanza. Itengewe 150,000 yake kila mwezi, mahali pake, isichanganywe na akiba. Chakula na nauli alivipa 260,000. Mama na ada ya mdogo wake, 70,000. Michango ya harusi, misiba, dawa na mengine yasiyopiga hodi, 67,000. Ikabaki 100,000 kamili ya akiba.

Fungu la ndugu nalitetea kwa nguvu zote. Wapo wanaowahubiria vijana kwamba jamaa ni mzigo na anayetaka utajiri awakate. Si kweli, na kwetu haiwezekani. Mama aliyeuza karanga ili mtoto asome ana haki yake. Lakini fungu lisilo na kiwango ndilo linaloua, kwa sababu kila simu inayopigwa inachota kwenye akiba. Likiwa na kiwango, binti anaweza kusema kwa heshima, "Mama, mwezi huu nimebakiwa na elfu ishirini, nyingine mwezi ujao," na mama akaelewa. Kadi ya mchango wa harusi nayo ijibiwe kwa kilichomo ndani ya fungu, bila kukopa.

Basi 100,000 kwa mwezi. Fungu la kwanza likae mahali pa kuchukulika haraka mpaka lifikie matumizi ya miezi mitatu, kwa maana kazi ya kampuni inaweza kukoma kwa barua ya ukurasa mmoja. Baada ya hapo anaweza kununua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambako mwenye kidogo anaruhusiwa kuanza na kidogo. Akikusanya 1,000,000, anaweza kushiriki mnada wa hatifungani za serikali unaoendeshwa na Benki Kuu, kupitia benki yake au wakala wa soko la hisa. Riba ya hatifungani hulipwa kila baada ya miezi sita, nayo ndiyo hujaribu watu: ikiingia inaonekana kama zawadi, inaliwa. Ikiliwa, hesabu ninayoitoa hapa haitimii, kwa sababu imejengwa juu ya faida inayorudishwa kazini.

Kwa asilimia ile ile 10 ya kukadiria, 100,000 kila mwezi kwa miezi 120 inafikia kama 20,480,000, ilhali alichotoa mfukoni ni 12,000,000. Ni fedha ya heshima. Lakini barua yake ilikuwa imesahau mambo mawili makubwa, na yote yalikuwa kwenye hati ya mshahara.

La kwanza ni deni la Bodi. Anadaiwa 12,000,000. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni ya wahitimu, ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni linapungua kweli kila linapokatwa. Kwa 150,000 kwa mwezi litakwisha katika miezi 80, yaani Agosti 2032. Mshahara ukipanda, makato yatapanda na deni litakwisha mapema zaidi. Mwezi unaofuata mwisho wa deni, mshahara wake wa mkononi utaongezeka 150,000 bila kupandishwa cheo, na yeye ameshazoea kuishi bila fedha hiyo karibu miaka saba. Nawaomba vijana mwelewe uzito wa mwezi huo. Wengi hawaujui hata utakuwa lini, basi fedha inarudi na kuyeyukia kwenye simu mpya na king'amuzi kikubwa zaidi. Akiipeleka yote kwenye akiba kwa miezi 40 iliyobaki, inakuwa kama 7,090,000, na jumla yake inafika 27,570,000.

La pili ni NSSF. Yeye anakatwa 100,000 na mwajiri anaongeza 100,000. Kwa miaka kumi hiyo ni 24,000,000 ambayo hakuiandika popote, kwa sababu haioni. Si fedha ya kuchota atakavyo. Ni ya uzeeni, na pensheni inadai michango ya miezi 180, hivyo Desemba 2035 atakuwa na deni la miezi 60 mbele yake. Ila ni mali yake na anapaswa kuilinda. Wapo waajiri wanaokata kwenye hati lakini hawapeleki. Kosa hilo halionekani kwenye hati ya mshahara, linaonekana kwenye taarifa ya michango ya NSSF tu. Aiombe kila mwaka, aihesabu miezi, na palipo na pengo adai mapema, kampuni ingali hai.

Hapo nikamkumbusha mfumuko wa bei. Ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, kinachonunuliwa leo kwa 1,000,000 kitauzwa 1,480,000 mwaka 2035. Zile 27,570,000 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa karibu 18,600,000. Hazitoshi nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni. Zinaweza kutosha kiwanja na msingi, au bati na kuta za mama Singida, kimojawapo kwanza. Uso wake ulikunjuka kidogo alipoona hata hilo la mama linawezekana.

Ataambiwa kwamba njia hii ni ndefu, na ataonyeshwa fupi. Taifa hili liliona upatu wa DECI, ambamo watu "walipanda mbegu" wakitarajia kuvuna maradufu, hadi serikali ilipoufunga mwaka 2009. Dalili ya mtego haijabadilika tangu wakati ule: faida ya mwanachama wa jana inatoka kwenye mfuko wa mwanachama wa leo, na hakuna anayeweza kukuonyesha shamba, duka wala kiwanda kinachoizalisha. Mpwa wangu ni mhasibu. Ahadi yoyote ya faida aiulize swali la kihasibu: mapato haya yanatoka wapi?

Jioni aliandika barua ya pili, nusu ukurasa. Nimemwomba ruhusa ninukuu: "Kwako wewe wa Desemba 2035. Kila mwezi nitakutumia 100,000 siku ile ile ya mshahara, kabla ya kununua chochote. Agosti 2032 deni la Bodi litakwisha. Kuanzia Septemba nitakutumia 250,000. Mama ana fungu lake na sitalipunguza. Kila Januari nitakwenda NSSF kuhesabu miezi yangu. Mwaka nitakaopoteza kazi nitakula akiba ya miezi mitatu, na nikipata nyingine nitaanza tena bila kujilaumu."

Wewe kijana uliyeajiriwa mwaka huu, fungua hati yako ya mshahara leo usiku. Gawanya deni lako la Bodi kwa makato ya mwezi, upate mwezi litakapokwisha, na uandike mwezi huo juu kabisa ya barua yako.