Binti, Andika Tarehe Yako

Kila tarehe 28 Mei dunia huadhimisha Siku ya Hedhi Salama. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: Mei ni mwezi wa 5, kwa kuwa hedhi huchukua takriban siku 5, na 28 ni wastani wa siku za mzunguko. Ni kumbukumbu nzuri, ila hiyo 28 imewatia hofu mabinti wengi. Binti anahesabu kwenye kalenda, siku ya 28 inafika, haoni kitu. Ya 35 inafika, bado kimya. Anaogopa kumwuliza mama asije akashukiwa kuwa na mimba, anaona haya kumwuliza mwalimu, basi anabaki na wasiwasi wake peke yake. Wakati huohuo rafiki yake anaziona siku zake kila baada ya siku 28 bila kukosa, lakini anatoka damu siku 9, na hakuna anayeshtuka, maana inasemekana siku zake zinakwenda vizuri.

Wito wangu ni mmoja. Kila binti aliyekwisha kuvunja ungo awe na daftari, na kila mwezi aandike mambo matatu: tarehe damu ilipoanza, imetoka siku ngapi, na ametumia pedi ngapi zilizolowa kwa siku. Mambo hayo matatu yatamwambia yeye, mama yake na mhudumu wa afya lini atulie na lini aende kupimwa. Ili uone yanavyosema, lazima kwanza ujue kinachoendelea mwilini mwako.

Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Siku zile za damu ni mwanzo tu wa kazi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Tezi hiyo hutuma homoni kwenye ovari, zile tezi mbili zilizo kando ya mji wa mimba, ambamo mayai yako yamehifadhiwa tangu hujazaliwa. Homoni hiyo huamsha vifuko kadhaa vya mayai, na kwa kawaida kimoja huwashinda wenzake na kukua. Kinapokua hutoa estrojeni, na estrojeni hujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba uliotoka na damu.

Estrojeni ikipanda vya kutosha, ubongo huipokea kama taarifa kwamba yai liko tayari. Pituitari humwaga homoni nyingine kwa wingi na kwa ghafla, na baada ya siku moja na nusu hivi kifuko hupasuka na yai hutoka. Siku zinazoelekea hapo unaweza kuona ute mwepesi, unaoteleza na kuvutika. Huo si ugonjwa wala uchafu, na usiusafishe kwa dawa wala sabuni ndani ya uke.

Kifuko kilichobaki hakitupwi. Hugeuka rangi ya manjano na kuanza kutoa homoni nyingine, projesteroni. Kazi yake ni kuutuliza ule utando na kuushika imara. Kama mimba haikutunga, kifuko hicho husinyaa baada ya wiki 2 hivi, projesteroni hushuka, utando hukosa kishikizo na kutoka wote pamoja kwa siku chache. Ndiyo hedhi.

Kipindi hiki cha pili, kuanzia yai kutoka hadi damu kuja, hakibadiliki sana. Mara nyingi ni kati ya siku 12 na 14. Kinachorefuka na kufupika ni kile cha kwanza, cha kulea yai. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, na mwenye mzunguko wa siku 40 hutoka karibu na siku ya 26. Tena tarehe hiyo hujulikana baada ya damu kuja, si kabla. Ndiyo sababu binti asimwamini mtu yeyote anayemhesabia siku za kutopata mimba.

Sasa, kwa nini siku za binti huyumba? Kwa sababu mazungumzo ya ubongo na ovari huchukua miaka kadhaa kuzoeleka. Katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, mara nyingi estrojeni hupanda lakini ubongo haujibu kwa ule mmwagiko wa ghafla. Yai halitoki, na yai lisipotoka projesteroni haipatikani. Utando unaendelea kujengwa na estrojeni peke yake, na hapo unafanana na ukuta wa udongo uliopandishwa bila fito: unasimama kwa muda, kisha unameguka huku na kule bila mpango. Damu huchelewa, na inapokuja huenda ikawa nyingi au ikatoka kwa siku nyingi.

Kwa hiyo kipimo cha binti si kile cha mama yake. Kwa kijana, mzunguko wowote kati ya siku 21 na 45 ni wa kawaida, na damu kutoka siku 2 hadi 7 ni kawaida. Mwaka ule wa kwanza baadhi ya mizunguko huweza kuwa mirefu zaidi ya hapo.

Tuchukue daftari la binti wa kidato cha kwanza aliyevunja ungo mwaka uliopita. Ameandika: 3 Januari, siku 5. 10 Februari, siku 6. 8 Machi, siku 4. 21 Aprili, siku 5. Pedi 3 au 4 kwa siku, zikipungua kuelekea mwisho. Ukihesabu utapata mizunguko ya siku 38, 26 na 44. Hakuna miwili inayolingana, na ukiitazama kwa jicho la 28 utasema mambo yameharibika. Lakini yote mitatu imo ndani ya 21 na 45, na damu haikupita siku 7. Binti huyu haumwi. Aendelee kuandika, na miaka inavyosonga ataona tarehe zikisogeleana zenyewe bila dawa yoyote.

Daftari la pili ni la rafiki yake. Tarehe zake zimepishana kwa siku 28, 29, 28. Ila kwenye safu ya siku ameandika 9, 8, 9. Kwenye safu ya pedi ameandika 9 kila siku kwa siku 3 za mwanzo, na pembeni ameongeza kwamba huamka usiku kubadilisha na hupata kizunguzungu akisimama paredi. Huyu ndiye wa kwenda kupimwa, tena mapema. Kupoteza damu kiasi hicho kila mwezi humaliza madini ya chuma mwilini. Binti anachoka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, darasani hasikilizi, naye anaitwa mvivu. Na kama damu imekuwa nyingi namna hii tangu hedhi ya kwanza kabisa, mhudumu atafikiria pia tatizo la kuganda kwa damu, hasa ikiwa hutokwa damu puani mara kwa mara, au mama na shangazi zake nao walikuwa hivyo.

Basi bandika mambo haya nyuma ya daftari. Nenda kituo cha afya ikiwa damu inapita siku 7, ikiwa pedi inalowa chapachapa ndani ya saa 1 au 2, au ikiwa mabonge yanazidi upana wa sentimita 2 na nusu. Pedi zikilowa hivyo kwa saa kadhaa mfululizo na ukahisi kuzirai, usingoje kesho.

Nenda pia ikiwa mizunguko yako kila mara inapungua siku 21 au inazidi 45, au ikiwa zimepita siku 90 bila damu, hata kama ni mara moja tu. Kimya kirefu namna hiyo kina sababu nyingi. Mimba ni mojawapo, lakini pia kupungua uzito sana, mazoezi makali bila chakula cha kutosha, tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, au homoni za kiume kuzidi, ambazo mara nyingi huambatana na chunusi nyingi na nywele kuota kidevuni. Na ambaye hajavunja ungo kabisa akifika miaka 15, au miaka 3 imepita tangu matiti yaanze kuota, naye aende. Vilevile aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti.

Maumivu nayo yaandikwe. Utando unapotoka huachia kemikali zinazoubana mji wa mimba, ndiyo tumbo la siku ya kwanza na ya pili. Dawa kama ibuprofeni huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, kwa hiyo hufaa zaidi ikinywewa mapema, maumivu yanapoanza, baada ya kula, kwa kipimo cha mfamasia. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza. Lakini binti anayekosa shule kila mwezi ingawa amekunywa dawa, asiambiwe ni chango na kwamba litaisha akishazaa. Apelekwe akachunguzwe.

Najua kinachowazuia wengi ni hofu ya kuvuliwa nguo na kuingizwa vyombo. Kwa kawaida haiwi hivyo. Mhudumu ataanza kwa kukuuliza tarehe, na hapo utamfungulia daftari. Atatazama kope za macho, atapima uzito na presha, atachukua damu kidogo kupima kiwango chake. Ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita una upungufu. Huenda akaomba mkojo kwa kipimo cha mimba. Huo ni utaratibu tu, hauna maana kwamba anakutuhumu. Picha ya mji wa mimba ikihitajika, hupigwa juu ya tumbo. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike na kuingia na mtu unayemwamini.

Enyi akina mama, masomo na shangazi, binti akiwaambia siku zimechelewa, swali la kwanza lisiwe "ulikuwa na nani?" Liwe "hebu nione daftari." Nanyi baba, mnaponunua madaftari ya shule, ongezeni moja dogo, na pesa ya pedi iwe kwenye hesabu ya nyumba pamoja na ya sabuni. Walimu, mkiona binti anayeomba ruhusa kila kipindi akabadilishe, au anayezirai paredi, mwulizeni faraghani hutumia pedi ngapi kwa siku, kisha mwiteni mzazi.

Nawe binti uliyesoma hadi hapa, kumbuka hedhi yako ya mwisho ilianza lini. Kama unaikumbuka, iandike leo. Kama huikumbuki, anza na ijayo, kisha mwulize mwenzako unayekaa naye dawati moja kama yeye amekwisha kuandika yake.