Mlango wa Friza Unasingiziwa

Ndugu mfanyabiashara, kama una friza dukani, bila shaka umeshamgombeza mtoto: "Funga mlango, unamaliza umeme!" Uniti zikiisha mapema, mtoto ndiye mkosaji. Mimi nasema mlango unasingiziwa, na kwa kuusingizia unaacha kuangalia kinachokula hela yako kweli.

Tupige hesabu. Chukua friza la kusimama la lita 200, nusu yake tupu. Ukifungua mlango, hewa ya baridi humwagika miguuni kwa sababu ni nzito, na hewa ya joto huingia juu. Tuseme hewa yote lita 100 imetoka. Hewa ni nyepesi, joto inaloingiza ni dogo. Ukifungua mara 50 kwa siku mahali penye joto la nyuzi 30 na unyevu mwingi, kompresa italipa takribani moja ya nane ya uniti. Hata ukizidisha mara mbili kwa ajili ya kuta na rafu zinazopata joto, ni robo uniti.

Sasa weka lita 10 za maji ya kawaida ili upate barafu za kuuza. Kuyashusha kutoka nyuzi 28 hadi yagande na kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri kunakula karibu uniti 1 nzima. Kama uniti inakufikia kwa shilingi 350, barafu zimekula 350, na mtoto unayemgombeza siku nzima hajafikisha 90. Mbaya zaidi, kuna wanaochemsha ubuyu au ukwaju na kuuingiza ungali moto. Lita 10 za namna hiyo huongeza karibu nusu uniti nyingine bure, kazi ambayo beseni la maji na upepo wa usiku vingeifanya bila malipo. Tena huyeyusha barafu za jirani yake.

Je, basi friza la kulala na la kusimama ni sawa? Hapana, na hapa ndipo wauzaji wanapokuchanganya. Watakuambia la kusimama ni la kisasa, linapendeza na haligandi barafu kwenye kuta. Haligandi kwa sababu ndani yake kuna feni inayozunguka na hita inayowaka kila baada ya muda kuyeyusha barafu. Unalipia umeme wa kupasha joto ndani ya friza! Ukomo wa matumizi uliowekwa na serikali ya Marekani tangu 2014 unaonyesha wazi: kwa ukubwa wa lita 200 hivi, friza la kulala linaruhusiwa takribani uniti 250 kwa mwaka, la kusimama unaloliyeyusha kwa mkono 335, na la kusimama linalojiyeyusha lenyewe 480. Zaidi ya nusu ya pengo lote imeletwa na kule kujiyeyusha. Hizo ni hesabu za matumizi ya nyumbani. Wewe unayegandisha kila siku utazidi, lakini mpangilio ni uleule.

Kosa halisi la mlango ni unyevu. Hewa ya lita 100 katika joto letu la masika hubeba kama gramu 2 za maji. Mara 50 kwa siku ni gramu 100, mwezi ni kilo 3 za barafu zinazong'ang'ania pale baridi inapotokea. Barafu hiyo ni blanketi: kompresa inafanya kazi ndefu, bidhaa hazigandi. Friza la kulala hupona hapa, maana ukiinua mfuniko hewa nzito hubaki chini kama maji kwenye ndoo. Ila usisimame dakika tano ukichimbua samaki wa chini. Panga kwa vikapu, kila kikapu na bidhaa yake.

Ikifika unene wa kidole kidogo, zima friza uyeyushe. Usikwangue kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi imetoka. Na barafu ikijaa upande mmoja tu, au kompresa haipumziki hata usiku, shuku raba. Bana noti kati ya raba na ukingo, funga, kisha vuta. Ikitoka bila kushikwa, hapo panapitisha hewa saa 24, na hilo ni baya kuliko mtoto yeyote.

Kwa hiyo, kama unauza barafu, samaki au kuku, nunua la kulala. La kusimama lina haki yake pale chumba kinapobana, lakini chukua lile unaloliyeyusha mwenyewe. Kisha kabla ya kumgombeza mtu mlangoni, shika sufuria unayoiingiza. Ikiwa ina joto, mwenye kosa ni aliyeishika.