Nyakabere: Mafunzo bila msimamizi ni franga ya kutupa majini

Mwaka 2025 Amerika ilifunga USAID, na tangu hapo franga ya miradi ya afya imekuwa kidogo sana huku kwetu Kivu ya Kusini. Sasa mtu akiandika ombi la kusaidia watu wa Nyakabere wenye roho nzito, wasiolala juu ya vita na mawazo mengi, atalazimishwa kukata hapa na pale ndani ya bajeti. Tunajua atakachokata kwanza: mshahara wa supervizeri, na mafuta ya pikipiki yake. Sisi tunasema akikata hapo, afadhali asianze kabisa.

Wazo lenyewe ni zuri. Muganga wa magonjwa ya akili ni vigumu kumpata, na safari ya mpaka Sosame kule Bukavu si ya kila mtu. Kwa hiyo kazi ya kusikiliza na kushauri inapewa mtu wa kijiji ambaye si muganga, mama au baba anayesema Kiswahili na Kifuliiru, aliyefundishwa kazi moja vizuri. Wafadhili watauliza: mtu wa namna hiyo anaweza kweli? Jibu lake halitoki mbali. Lilitoka hapa hapa Kivu ya Kusini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika gazeti kubwa la waganga la Amerika ulifuata wamama waliobakwa na ambao walikuwa na mateso makali ya roho. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Katika vijiji 7, wamama 157 walipata njia maalum ya kutibu mawazo: kikao 1 cha mama peke yake na mshauri, kisha vikao 11 vya kundi. Katika vijiji 8, wamama 248 walipata usaidizi wa kawaida, yaani mtu wa kuwasikiliza na kuwatia moyo kila walipomhitaji. Pande zote mbili, waliofanya kazi hiyo hawakuwa waganga. Miezi 6 baada ya kazi kuisha, upande wa usaidizi wa kawaida wamama 42 kwa mia walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa. Upande wa vikao walikuwa 9 kwa mia.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa ombi lolote la Nyakabere. Hata maneno mazuri yalisaidia kidogo, lakini njia yenye hatua ilisaidia zaidi. Kwa hiyo ombi likiandika tu « tutatoa msaada wa kisaikolojia », halijasema kitu. Liseme ni njia gani, vikao vingapi, na nani atakayeangalia kama vinafanyika sawasawa.

Tuchukue mfano wa kuwaza. Mama mmoja anajiambia: « Nilibakwa juu nilienda shambani peke yangu, kosa ni langu. » Mshauri asiyefuatwa atamjibu: « Hapana mama, wacha hayo, umwombee Mungu. » Mama atanyamaza, na wazo litabaki mle mle ndani. Mshauri aliyefundishwa hamkatazi, anamuuliza. Siku zingine ulipoenda peke yako, ilitokea nini? Ndugu yako akipatwa na jambo kama hilo, utamwambia kosa ni lake? Nani aliyeshika bunduki? Wiki kwa wiki mama anajifunza kutenganisha lililotokea, analolijiambia, na vile moyo unavyojisikia. Wale wasiojua kusoma wanashika hatua hizo kwa kichwa. Ni kazi ya pole pole, na ni rahisi sana mshauri kuteleza na kurudi kwenye mahubiri bila kujua.

Hapo ndipo supervizeri anahitajika. Katika utafiti ule, washauri walifuatwa kila wiki na wasimamizi Wakongomani, na juu ya hao kulikuwa na wajuzi wa njia yenyewe. Vijiji vilikuwa 16 mwanzoni. Kimoja kilitolewa sababu uwezo wa mshauri wake uliwatia watafiti mashaka. Tuisome vizuri habari hiyo: hata pale penye mafunzo na wajuzi, mmoja hakufaa. Bila msimamizi, nani angalijua? Kijiji kile kingaliandikwa katika ripoti sawa na vingine.

Sasa tuhesabu kwa Nyakabere. Tuseme washauri 8. Kila mmoja anaongoza kundi la wamama 8 kwa wiki 12, na makundi 3 kwa mwaka. Hiyo ni watu 192 kwenye karatasi. Lakini katika utafiti ule, hata upande wa vikao, ni wamama 65 kwa mia tu waliopimwa mara zote tatu. Watu wanahama, wanakimbia vita, wanalima. Mwombaji mwaminifu ataahidi hesabu ndogo zaidi. Kusimamia washauri hao 8, saa moja kwa kila mtu kila wiki, pamoja na kukaa ndani ya kikao cha kila mmoja mara moja kwa mwezi (wamama wakikubali), ni zaidi ya siku moja ya kazi kila wiki, bila kuhesabu barabara. Huwezi kumbebesha infirmye wa kituo cha afya kazi hiyo jioni, baada ya kuzalisha na kupima malaria.

Vilevile mshauri mwenyewe alipwe kitu. Reko wetu tayari wanabebeshwa chanjo, vyandarua na kuhesabu watu, wengi bila mshahara. Ukiwaongezea kundi la kila wiki kwa « asante » tu, wataanza vizuri na kuacha katikati. Kwa mama aliyekwisha kufungua siri yake, kuachwa katikati ni jeraha jipya.

Dalili za kazi kuharibika zinaonekana mapema kwa anayetafuta. Watu wanapungua baada ya kikao cha tatu. Madaftari ya washauri wawili yanafanana neno kwa neno. Mwaka mzima hakuna hata mtu mmoja aliyetumwa kituoni kwa sababu anataka kujiua, au anasikia sauti, au ana kifafa. Hao wapo katika kila kijiji, na mshauri hawezi kuwatibu. Wasipoonekana katika ripoti, maana yake hakuna anayewauliza. Na siri ikianza kusikika sokoni, supervizeri afike siku ile ile, sababu mshauri ni jirani, na neno moja linaweza kufunga kundi lote.

Ombi liseme pia mipaka yake. Utafiti ule ulihusu wamama waliobakwa. Hautuambii wavuvi waliopoteza ndugu ziwani, wala familia za Uvira zilizobomolewa nyumba na mafuriko ya Aprili 2020, watapona kwa njia ile ile. Kwao tuandike kwamba tutapima kabla, mwishoni, na miezi 6 baadaye.

Kwa wanaoshika kalamu sasa, ombi letu ni moja. Franga ikitosha washauri 8 bila msimamizi, au washauri 4 pamoja na msimamizi, waandike 4. Na mfadhili akiuliza juu ya nini hesabu ni ndogo, wamweleze habari ya kijiji cha kumi na sita.